Jinsi ya Kumvuta Mjomba Masikio na Bado Akakubakishia Pilau

Kila ukoo una kijana mmoja anayejua kompyuta, na siku mtu mzima anapostaafu, kijana huyo hukabidhiwa kazi ya "kutengeneza kitu cha kuchekesha". Kama kijana huyo ni wewe, pole na hongera. Mwongozo huu utakuonyesha namna ya kuchukua picha halisi ya mjomba wako, kuivuta hapa na kuibana pale, hadi itoke kikaragosi: mtu yuleyule, ila amezidishwa. Ukiufuata vizuri, mjomba ataitundika sebuleni. Ukiufuata vibaya, utakula sherehe hiyo ukiwa umesimama nje pamoja na madereva.

Tuanze na njia ya kuharibu kazi, kwa kuwa ndiyo rahisi na ndiyo inayopendwa. Fungua picha, kamata pua, vuta. Midomo nayo, vuta. Macho yatoe nje mpaka mtu aonekane kama amesomewa bili ya maji. Sasa mwonyeshe shangazi. Atacheka sana, kisha atakuuliza, "Huyu ni nani?" Umeutengenezea ukoo mzima pua, na mjomba mwenyewe amepotea humo ndani.

Kosa liko wapi? Pua ya mjomba ni pana, ni kweli, lakini pua za ndugu zake wote ni pana vilevile. Wanaomjua hawamtambui kwa pua hata siku moja. Wanamtambua kwa ile nafasi ndefu iliyo kati ya pua na mdomo wa juu, pale panapoota sharubu, ambayo kwake ni uwanja mzima, na kwa masikio yaliyosimama utadhani yanasubiri kuitwa. Ukikuza kile alichonacho kila mtu, unachora kundi. Ukikuza kile alichonacho yeye peke yake, unamchora yeye.

Jambo hili wachoraji wa mkono wanalijua kwa macho. Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, Mtanzania aliyechora kwa miaka mingi katika gazeti la Daily Nation la Nairobi, hahitaji rula kujua kiongozi gani abebe kichwa na yupi abebe kitambi. Sisi wengine tunahitaji rula. Kwa bahati nzuri mwaka 1982 Susan Brennan, akiwa mwanafunzi pale MIT nchini Marekani, aliandika programu ya kompyuta ya kutengeneza vikaragosi, na kanuni yake ni fupi kiasi kwamba inaingia kwenye kiganja:

```
mpya = uso + k * (uso - wastani)
```

Maana yake ni hii. Chukua kipimo fulani cha uso wa mtu. Toa kipimo cha wastani cha watu wa aina yake. Kinachobaki ndicho kinachomfanya awe yeye. Kizidishe kwa namba `k`, kisha kirudishe juu ya uso wake. `k` ikiwa sifuri, picha haibadiliki. Ikiwa 0.5, kila alipotofautiana na wenzake anatofautiana kwa nusu zaidi. Ikiwa 1, tofauti yake imekuwa mara mbili. Alipofanana na wenzake, kanuni haimgusi kabisa, hata uweke `k` ya kutisha.

Kuna mchezo mzuri wa kuhakikisha kwamba kanuni hii haikudanganyi: weka `k` iwe chini ya sifuri. Mjomba ataanza kusogea kuelekea wastani. Masikio yatalala, sharubu zitapungua uwanja, na kufikia hasi moja umbo la uso litakuwa halina mwenyewe. Atafanana na binamu yake, na shemeji yake, na mtu uliyemwona stendi. Hapo utaelewa kwamba kikaragosi na picha ya pasipoti iliyolainishwa na fundi wa studio viko kwenye barabara moja, ila vinakwenda pande tofauti.

Sasa tuje kwenye neno ambalo wengi hulipita mbio katika kanuni hiyo: wastani. Wastani wa nani?

Hapa ndipo kijana mwenye kompyuta hufanya ukatili bila kujua. Anapakua programu iliyokwisha kutengenezwa, yenye uso wake wa wastani ndani, anaipa picha ya mjomba wa Tanga, na programu inafanya hesabu kwa uaminifu mkubwa. Kama uso ule wa wastani ulitokana na picha za Wazungu, basi tofauti kubwa kuliko zote itakayoonekana ni kwamba mjomba ni Mwafrika. Programu itaikuza hiyo. Itapanua pua, itanenepesha midomo. Ukiweka picha ya baba mdogo itafanya hivyohivyo. Ukiweka ya jirani, vilevile. Wote watatu watatoka kama mapacha, na watafanana na zile picha za kale za dharau ambazo wakoloni waliwachora watu weusi kwenye matangazo ya sabuni. Hakuna aliyekusudia matusi. Mtukanaji ni kipimo.

Dawa yake ni kutengeneza wastani wako mwenyewe, na si kazi ya kutisha. Tafuta picha kumi hivi za wanaume wa rika la mjomba, wa ukoo au mtaa wake. Za harusi zinafaa, maana wazee husimama wamenyooka. Rika ni muhimu kuliko unavyodhani. Mwaka 1995 daktari mmoja wa Uingereza, James Heathcote, alichapisha katika jarida la BMJ vipimo vya masikio ya wagonjwa, akaona kwamba sikio la mtu mzima huwa refu zaidi kwa wastani wa milimita 0.22 kila mwaka. Kwa miaka 40 hiyo ni karibu milimita tisa za sikio. Ukimpima mjomba kwa wastani wa vijana wa chuo, utakuza uzee wake tu, na kila mzee utakayemtengeneza atakuwa Mzee Yeyote, mwenye masikio marefu na mashavu yaliyoshuka. Mpime na wenzake wa kahawa, utaona kilichobaki.

Na wote wawe na sura ya namna moja. Ukichukua mjomba anayecheka ukamlinganisha na wazee waliokasirikia kamera, utakuza kicheko, na kicheko si chake peke yake.

Suala la pili kabla hujagusa kipanya ni picha yenyewe. Usitumie selfi. Simu iliyoshikwa karibu na uso imekwisha kukutengenezea kikaragosi tayari, tena kibovu. Watafiti waliopiga hesabu ya jambo hili mwaka 2018 walikuta kwamba picha iliyopigwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi huionyesha pua pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ile iliyopigwa kutoka mita moja na nusu, kwa sababu pua iko mbele na imesogea karibu na lenzi kuliko masikio. Masikio nayo hujificha nyuma ya mashavu. Kwa hiyo selfi ingekuza pua ambayo hatuitaki na kuficha masikio tunayoyahitaji. Mwombe mjomba asimame, rudi nyuma hatua mbili au tatu, kuza kwa lenzi kama simu yako inaweza, na mwambie atazame moja kwa moja. Nyuma yake pawe na ukuta mtupu. Sababu ya ukuta utaijua baadaye, kwa machungu usipopata huo ukuta.

Haya, tupime. Chukua umbali kati ya mboni mbili za macho, uite 100, kila kipimo kingine ukilinganishe na huo. Hivyo haidhuru picha ni kubwa au ndogo. Tuseme mjomba wetu na wazee wake kumi wametoa namba hizi. Upana wa pua: wazee 70, mjomba 72. Upana wa mdomo: wazee 86, mjomba 84. Upana wa uso mashavuni: wazee 217, mjomba 216. Nafasi kati ya pua na mdomo wa juu: wazee 25, mjomba 33. Sikio linavyojitokeza kando ya kichwa: wazee 22, mjomba 32.

Usikimbilie kikokotoo. Kwanza angalia wazee wenyewe wanatofautianaje. Pua zao, tuseme, zinaanzia 63 hadi 78, kwa hiyo ile mbili ya mjomba si habari. Lakini nafasi ya sharubu kwa wazee wote kumi iko kati ya 22 na 28, na mjomba ana 33. Hakuna anayemkaribia. Huo ndio uso wake. Mdomo na mashavu yaache yalale. Umebaki na vitu viwili vya kugusa, na hiyo ni idadi nzuri. Mtu ana mambo mawili au matatu yanayomtambulisha, na aliyekuletea orodha ya mambo tisa anamchukia.

Hapa kuna mtego mdogo wa rula yetu. Ukikuta kila kitu kwa mtu wako ni kidogo kuliko cha wenzake, pua ndogo, mdomo mdogo, uso mwembamba, vyote kwa kiasi kilekile, usimwonee huruma. Macho yake ndiyo yametengana sana, na kwa kuwa tumeyafanya kuwa kipimo, yamejificha nyuma ya namba 100 na kuwasingizia wengine. Pima upya kwa kutumia urefu wa uso.

Turudi kwa mjomba. Kwa `k` ya 0.5, nafasi ya sharubu inakuwa 33 kuongeza nusu ya 8, yaani 37. Sikio linakuwa 32 kuongeza nusu ya 10, yaani 37 pia. Kwenye picha ambayo mboni zimeachana pikseli 400, kizio kimoja ni pikseli nne. Kwa hiyo mdomo unashuka pikseli 16 na kila sikio linatoka pikseli 20. Basi. Najua umekatishwa tamaa. Ulikuja na hamu ya kuvuta mpaka ukutani. Fanya kwanza hizo 16 kisha utazame. Utaona mtu ambaye ndugu zake watasema "hii picha amependeza, amefanana mno", bila kujua umefanya nini. Kwa picha halisi, tofauti na mchoro wa mstari, uvutaji mdogo unafika mbali, kwa sababu jicho la binadamu limezoea ngozi na vivuli na hukamata hila haraka. Kwa zawadi ya kuchekesha nenda hadi `k` ya 1: sharubu 41, sikio 42. Hapo watacheka. Kwa `k` ya 2, sharubu inafika 49, karibu nusu ya umbali wa macho, na mjomba ameanza kuhamia kwa nyani. Hatutaki kwenda huko, na unajua kwa nini.

Namba zikiwa mkononi, fungua programu. Nitatumia GIMP kwa kuwa ni ya bure na haiulizi kadi ya benki. Fungua picha, nenda `Layer`, chagua `Duplicate Layer`, na ufanye kazi juu ya tabaka la nakala. Tabaka la chini liache kama Mungu alivyomuumba mjomba. Utalihitaji kila dakika kwa kulinganisha. Kisha bonyeza herufi `W` upate kifaa kiitwacho `Warp Transform`. Kwenye machaguo yake weka `Move pixels`, na `Strength` ishushe chini ya nusu.

Kinachowashinda wengi ni ukubwa wa brashi. Mtu anataka kuvuta sikio, anachagua brashi ndogo kama ncha ya kalamu, anavuta ukingo, na sikio linaota pembe. Anavuta tena kando, inaota pembe ya pili. Baada ya dakika kumi mjomba ana jani la mpapai kichwani. Brashi iwe kubwa kuliko kitu unachokihamisha. Kwa sikio, ilifunike sikio zima na ngozi kidogo ya kando. Weka kitovu chake katikati ya sikio, sogeza polepole kuelekea nje, achia, tazama, rudia. Mivuto mingi myepesi huzidi mvuto mmoja wa nguvu. Kama umekosea, `Ctrl+Z` inarudisha mvuto mmoja nyuma. Usibonyeze `Enter` kabla hujaridhika, maana `Enter` ndiyo inayofunga kazi.

Nafasi ya sharubu ina ufundi wake, na ndiyo inayotofautisha fundi na mchezaji. Ukivuta mdomo peke yake kushuka chini, utaurefusha uwanja kweli, lakini utakibana kidevu, na mjomba ataonekana amemeza meno. Uso ni mnyororo. Kwa `k` ya 1 mdomo unashuka pikseli 32, na kila kilicho chini yake lazima kishuke 32: mdomo wa chini, kidevu, ukingo wa taya, hata ndevu. Tumia brashi pana sana, inayobeba mdomo na kidevu kwa pamoja, uvute vyote chini kwa mkupuo, kisha urudi kwa brashi ndogo zaidi kulainisha mashavu mahali taya linapoungana na sikio. Ile sehemu inayonyooka ni ngozi iliyo kati ya pua na mdomo pekee. Itazame kwa karibu: kama mjomba ana sharubu za mvi, utaona vinywele vimeachana, vimekuwa virefu na vimefifia. Hapo umefika mwisho wa kile picha inachoweza kutoa. Picha kubwa yenye pikseli nyingi inakuongezea nafasi. Ile iliyopita katika makundi matano ya WhatsApp imekwisha kuwa uji kabla hujaigusa.

Sasa kofia. Mjomba wa pwani hapigwi picha bila kofia yake ya kushona kwa mkono, yenye vitundu vidogo vilivyopangwa safu kwa safu kuzunguka kichwa. Hakuna kitu kinachomsaliti mvutaji kama safu zile. Unavuta sikio, brashi yako kubwa inagusa upindo wa kofia, na safu iliyokuwa imenyooka inayumba. Mtazamaji hataweza kusema kilichoharibika, lakini atajua picha imechezewa. Chagua `Erase warping` kwenye kifaa kilekile, pitisha brashi ndogo juu ya kofia, safu zitarudi mahali pake huku sikio likibaki ulikoliweka. Fanya hivyohivyo kwa miwani, kwa kola ya shati na kwa mboni za macho. Mboni ni duara, na duara likiwa yai kidogo tu, mtu anaonekana amerukwa na akili.

Ule ukuta niliokuagiza nao una kazi hapahapa. Brashi haijui wapi sikio linaishia na wapi dunia inaanzia, inavuta vyote. Kama nyuma ya mjomba kulikuwa na fremu ya mlango, basi mlango utapinda kama umeinama kumsalimia. Vigae vya bafuni ni vibaya zaidi. Ukuta mtupu hauna cha kusaliti.

Wapo watakaosema, mbona hangaiko lote hili, kompyuta haiwezi kufanya yenyewe? Inaweza. Programu za kutambua uso huweka nukta kwenye picha, na muundo unaotumika sana una nukta 68: 17 za taya, kumi za nyusi, tisa za pua, 12 za macho, 20 za mdomo. Ukishazihamisha nukta kwa ile kanuni, programu hugawa uso kuwa pembetatu ndogo na kunyoosha kila moja ifikie nukta zake mpya. Inapendeza, na ni ya haraka. Sasa hesabu tena uone nukta ngapi ziko kwenye masikio. Hakuna hata moja. Wala hakuna ya utosi, wala ya paji la uso juu ya nyusi. Programu imemwona mjomba wetu kuanzia kwenye nyusi hadi kidevuni na kuacha nusu ya ucheshi wake mlangoni. Ukiamua kwenda njia hiyo, ongeza nukta za masikio na za kichwa kwa mkono, na nyingine pembezoni mwa picha ili mandhari isitikisike. Kwa mjomba mmoja, brashi inatosha.

Swali linalobaki ni la adabu, na sisi tuna sheria zetu za zamani juu yake. Utani una wenyewe. Mjukuu na babu wanataniana, shemeji na shemeji wanataniana, Mpare na Mchaga wanaweza kusemana hata msibani na hakuna anayeinuka. Lakini mkwe hamtanii baba mkwe wake, na kompyuta haikupi ruhusa ambayo ukoo haukukupa. Kabla ya kuvuta chochote, jiulize kama ungeweza kumwambia mjomba maneno yaleyale mdomoni, mbele ya wajukuu zake. "Anko, hayo masikio yanakamata redio ya Pemba," sawa, na huenda yeye mwenyewe ndiye aliyelianzisha hilo. Hicho ndicho kipimo changu kikuu: kuza kile ambacho mtu amekwisha kujitania nacho mwenyewe.

Kisha kuna vitu ambavyo kanuni itakuletea, maana kanuni haina haya, na wewe utavikataa. Kovu la ajali. Jino lililong'oka. Jicho lenye makengeza. Uvimbe wa shingo. Mwili uliokonda kwa ugonjwa wa mwaka jana. Vyote hivi vinamtofautisha mtu na wastani, kihesabu ni halali kabisa, na ukivikuza utakuwa umefanya kitu kimoja tu, kumkumbusha siku mbaya. Viache kwenye ukubwa wake. Usivifute pia. Mtu mwenye kovu akipewa picha isiyo na kovu anajua ulikuwa unawaza nini.

Macho ninayaacha karibu kila mara. Ukiyapunguza, mtu anaonekana mjanja asiyeaminika. Ukishusha kope, amelewa. Kama lazima uyaguse, yakuze kidogo sana kwa `Grow area` na uishie hapo. Ncha za mdomo zikipandishwa kidogo hazina madhara, na hufunika makosa mengi ya mvutaji.

Kuhusu mahali pa kusimama, mfano bora unatoka Paris. Mwaka 1831 Charles Philipon, mwenye jarida la La Caricature, alishtakiwa kwa kumdhihaki Mfalme Louis-Philippe. Mahakamani akachora vichwa vinne. Cha kwanza kilikuwa mfalme. Cha pili kilikuwa mfalme aliyelegea mashavu. Cha tatu mashavu yamezidi, macho na mdomo yamekuwa mikwaruzo tu. Cha nne kilikuwa tunda la pea. Akauliza ni kichwa kipi hasa ambacho sheria inakikataza, ikiwa kila kimoja kinafanana na kilichotangulia. Alifungwa, na pea zikachorwa ukutani mji mzima. Kwa mfalme, nenda hadi kwenye pea. Watawala wana askari wa kuwafuta machozi. Kwa mjomba, simama kwenye kichwa cha pili, na cha tatu ukifikie tu kama mjomba huyo ana roho ya kicheko na umeshauriana na mkewe.

Kabla ya kuchapisha, jaribu. Punguza picha iwe ndogo kama ile inayokaa kwenye duara la WhatsApp, na umwonyeshe mtu anayemjua mjomba lakini hajui unafanya nini. Usimwambie ni nani. Akitaja jina kwanza, kisha akacheka, umefaulu. Akicheka kwanza, kisha akakaza macho kutafuta ni nani, umechora pua au mnyama. Punguza `k` uanze upya. Akitaja jina, asicheke, akakutazama kwa huzuni, umegusa kovu. Jaribu pia kugeuza picha kulia kuwa kushoto. Ukiwa umeitazama saa nzima jicho lako limezoea upogo, na kuigeuza kutakuonyesha sikio moja lililotoka kuliko jingine. Ila kama mjomba mwenyewe ana sikio moja lililosimama kuliko la pili, liache hivyo, na ulikuze.

Chapisha ukubwa wa A3, weka fremu, na hiyo picha halisi uiweke kwenye bahasha nyuma ya fremu. Jiandae pia kwa jambo moja litakalotokea dakika kumi baada ya zawadi kufunuliwa. Shangazi atakuvuta pembeni na kukuambia kwamba naye anataka cha kwake, cha kuchekesha hivyohivyo, isipokuwa uso uwe mwembamba kidogo, shingo isiwe na mikunjo, na ngozi iwe laini kama alivyokuwa mwaka alioolewa. Sema ndiyo, mama. Weka `k` ya hasi 0.3 kwa wastani wa vijana, na umtoze bei ya picha ya pasipoti.